Mpishi Aliajiriwa Apike

Mwenye mgahawa aliniambia nisisumbuke kutafuta waigizaji. "Watu ninao hapa hapa," akasema, akaashiria jikoni kwa kidevu. Kweli alikuwa nao. Alikuwa na mpishi wa biriani mwenye mkono mwepesi na maneno matamu. Alikuwa na mteja wa miaka mingi, mzee anayekuja kila Ijumaa baada ya swala na kukaa meza ileile ya dirishani. Na kulikuwa na binti wa miaka 7, mtoto wa mmoja wa wahudumu, ambaye akinywa sharubati ya ukwaju hufumba macho kwa raha hadi watu wa meza za jirani huagiza na wao.

Alitaka video ya sekunde 45 ya kutia kwenye Instagram, TikTok na WhatsApp ya mgahawa. Bajeti yake ilikuwa shilingi 120,000 za Kenya. Katika karatasi aliyoniandikia yalikuwemo malipo ya taa, gari, mhariri, chakula cha kupigia picha, na mimi. Wale watatu, ambao ndio video yenyewe, hawakuwa na mstari wao. Nikamwuliza watapata nini. "Watakula," akanijibu, na hakuwa akitania.

Nafanya kazi hii Mombasa, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi, kwa wenye saluni, wenye shule za chekechea na wauza samani. Wengi wao si wachoyo. Wanaamini tu kwamba mfanyakazi ni wao, mteja ni rafiki, na mtoto ni mtoto wa nyumbani, kwa hiyo nyuso zao zimo ndani ya undugu huo. Mwenye mgahawa huyu naye hakubadili mawazo kwa sababu ya maneno yangu. Alibadili mawazo nilipomtajia mgahawa mwingine.

Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Mojawapo ilikuwa ya shilingi 1,850,000, na aliyetozwa alikuwa Casa Vera Lounge ya Nairobi, kwa kosa la kuweka mtandaoni picha ya mtu aliyekuja kustarehe bila ridhaa yake. Nyingine, shilingi 4,550,000, iliiangukia Roma School ya Uthiru kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hata kabla ya hapo, Desemba 2022, tawi la Kenya la kampuni ya simu ya Oppo lilitozwa shilingi milioni 5 katika shauri lililoanza na picha ya mtu mmoja iliyotumiwa Instagram bila yeye kukubali. Alikuwa mtu aliyeiona sura yake mahali ambapo hakuipeleka.

Sheria iliyotumika ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa video za matangazo vifungu vitatu vinatosha kujua. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data ya mtu kibiashara, na sura yake ni data yake, mpaka aombwe na akubali waziwazi. Kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa mtoto, tena kinataka jambo lenyewe lilinde maslahi ya mtoto, maana yake saini ya mzazi peke yake haihalalishi kila kitu. Cha 32 ndicho ambacho wenye biashara hukisahau: mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko kwa aliyetumia picha. Mteja akienda kwa Kamishna akasema "sikukubali," hatakiwi kuthibitisha kwamba hakukubali. Wewe ndiye utakayeulizwa karatasi iko wapi. Malalamiko hayo yanatakiwa yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90, na zaidi ya faini, mlalamishi anaweza kupewa fidia.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Mifano yangu ni ya upande huu wa Vanga kwa sababu huku ndiko ninakofanya kazi.

Hoja ninayoisikia sana ni hii: "Lakini alikuwa anatazama kamera, tena akacheka." Kucheka mbele ya kamera ni dalili kwamba alijua anapigwa picha. Hakuonyeshi kwamba alijua picha itakwenda wapi, itakaa muda gani, na nani atafaidika. Mzee wa dirishani angeweza kucheka akidhani naipigia picha familia ya mwenye mgahawa. Ndiyo maana karatasi, na si tabasamu.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili kila mara. Ile niliyotumia kwa mpishi ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na kiini chake kilisomeka hivi:

"Mimi, niliyeandika jina na nambari ya kitambulisho hapa chini, nakubali kupigwa video Jumatatu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, nikipika biriani na kusema maneno yaliyoandikwa nyuma ya karatasi hii. Video itatumiwa na mgahawa huu peke yake, katika kurasa zake za Instagram, TikTok na WhatsApp, kwa miezi 12 tangu siku itakapowekwa. Haitatumika kwenye televisheni, mabango, magazeti wala na kampuni nyingine bila karatasi mpya na malipo mapya. Sauti yangu haitabadilishwa wala sitatiwa maneno nisiyosema. Nitalipwa kiasi kilichoandikwa hapa kabla sijaondoka siku hiyo. Naweza kuondoa ridhaa yangu wakati wowote kwa ujumbe wa simu, na mgahawa utaiondoa sura yangu ndani ya siku 14. Nimeelezwa kwamba nakala zilizokwisha kusambazwa na watu wengine huenda zisipatikane tena."

Angalia ilivyo finyu. Biashara nyingi hupakua fomu za ng'ambo zinazosema mtu ametoa haki zote, kila mahali, milele, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa. Mwenye biashara huiona imara, kumbe upana huo ndio udhaifu wake. Sheria ya Kenya inaitambua ridhaa pale mhusika anapoitoa kwa hiari, akijua, na kwa jambo mahususi. Mtu aliyekubali "chochote, popote, milele" ni vigumu kusema alikuwa anajua alichokubali. Na kuondoa ridhaa ni haki ya kisheria. Kuandika "milele" hakuifuti.

Sentensi ya mwisho, ile ya nakala zilizosambaa, huwa nasisitiza isomwe kwa sauti. Video ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp imeondoka mikononi mwa kila mtu. Kumwahidi mtu kwamba utaifuta duniani ni kumdanganya, na ridhaa iliyojengwa juu ya ahadi ya uongo haina miguu.

Kuna mambo madogo ya kutunza karatasi yanayookoa watu baadaye. Kila anayetia saini nampiga picha moja akiwa ameishika fomu yake kifuani. Miezi minane baadaye, mhariri hamjui "Ali" yupi ni yupi, na fomu isiyoweza kulinganishwa na uso ni kama hakuna. Nakala moja inabaki kwa mhusika, si kwa mwenye biashara peke yake. Asiyesoma husomewa, kisha anatia kidole gumba mbele ya shahidi, na shahidi huyo asiwe mtu wa mwenye biashara. Na saini hutiwa kabla kamera haijawashwa. Nikimwomba mtu saini baada ya kumpiga video saa tatu, kukataa kwake kunaonekana kama kumharibia mwenzake kazi, na watu wetu wana haya.

Haya hiyo ndiyo inayonileta kwa mfanyakazi, kwa sababu hapo ndipo ridhaa huwa ngumu kuliko mahali pote. Mpishi akiulizwa na bosi wake, mbele ya wenzake, "Utatutolea video, siyo?" atasema nini? Kodi yake ya nyumba iko mfukoni mwa anayemwuliza. Sheria yenyewe imeliona hili: katika kupima kama ridhaa ilikuwa ya hiari, kifungu cha 32 kinataka itazamwe kama mkataba mwingine uliwekwa chini ya sharti la kukubali. Ndiyo sababu ile sentensi ambayo baadhi ya waajiri huitia kwenye mkataba wa kazi, "picha zako zitatumika kutangaza biashara," siitegemei hata kidogo. Aliyeitia saini alikuwa anatafuta kazi, si kukubali video ya Jumatatu fulani.

Nilichofanya ni kumwomba mwenye mgahawa asiwe yeye wa kuuliza. Nilizungumza na mpishi mwenyewe, nje, mwajiri hayupo. Nikampa karatasi aende nayo nyumbani, nikamwambia nitarudi baada ya siku tatu. Nikamwambia pia kwamba kama hataki uso wake uonekane, naweza kupiga mikono yake tu, ikikoroga na kupakua, na atalipwa kwa hiyo mikono vilevile. Chaguo hilo la tatu lina nguvu ya ajabu. Mtu akiwa na "ndiyo" na "hapana" pekee mbele ya bosi, "hapana" haipo. Ukimpa njia ya katikati, jibu lake linaanza kuwa lake.

Aliporudi alikuwa na swali moja. "Kaka, na nikiacha kazi hapa?" Swali hilo lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimejiandaa kuyajibu, na tukaliongeza kwenye fomu: akiacha kazi, video inaweza kubaki hadi muda wake uishe, isipokuwa aandike kwamba hataki.

Sasa malipo. Katika kazi hii mtu analipwa vitu viwili ambavyo huchanganywa kila siku. Cha kwanza ni muda wake: saa alizosimama mbele ya kamera. Cha pili ni matumizi ya sura yake: video itaonekana wapi, kwa muda gani. Muda unaisha jioni ileile. Sura inaendelea kufanya kazi usiku akiwa amelala, na ndiyo inayomletea mwenye biashara pesa. Sahani ya biriani inaweza kulipia mchana mmoja kwa mtu anayekubali hivyo. Mwaka mzima hailipii.

Tulipiga Jumatatu, siku mgahawa unapofungwa, na hiyo kwa mpishi ilikuwa siku ya mapumziko. Amri za mishahara za Kenya zinataka kazi ya siku ya mapumziko ilipwe mara mbili. Ujira wake ulikuwa shilingi 1,200 kwa siku, kwa hiyo muda wake peke yake ulikuwa 2,400, na hilo halina majadiliano. Waajiri wengine hudhani kupiga video ni pumziko lenyewe. Jikoni, chini ya taa za kamera, kwa mara ya tisa akiinua mfuniko uleule wa sufuria, hakuna anayepumzika.

Kwa matumizi, nilimpigia simu wakala wa waigizaji, nikaulizia bei ya mtu asiye maarufu kwa mitandao ya biashara moja, mwaka mmoja. Akaniambia 20,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa rula yangu. Mpishi si mwigizaji wa kazi, hana gharama za wakala, na mwenye mgahawa hakuwa na pesa hizo. Lakini bila rula, kila bei inatoka hewani, na bei za hewani siku zote humwelemea anyonge. Mpishi angeonekana kwa sekunde 18 na kusema, kwa hiyo nilipendekeza asilimia 40 ya rula: 8,000. Mzee wa dirishani, sekunde 6 bila kusema neno, robo: 5,000, pamoja na nauli ya 500. Binti, sekunde 5, nilimpandisha hadi 6,000. Mwenye mgahawa alishangaa mtoto kumpita mzee. Nilimweleza kwamba mzee anajiamulia mwenyewe, lakini mtoto anaamuliwa, na sura atakayoikuta mtandaoni akikua hakuichagua yeye. Mama yake, ambaye alilazimika kuja siku yake ya mapumziko kumsimamia, alilipwa ujira wake wa 900 mara mbili.

Jumla ikawa 23,700, karibu moja ya tano ya bajeti. Tulikodi taa mbili badala ya nne. Kila mtu alipelekewa pesa yake kwa M-Pesa kabla ya kutoka mlangoni, kwa sababu ujumbe ule ni risiti yenye tarehe, saa na jina, na nambari ya muamala niliiandika kwenye fomu. Bahasha ya taslimu haiachi kumbukumbu. Na pesa ya mpishi haikutiwa ndani ya mshahara wa mwezi, maana ikichanganywa huko, mwezi unaofuata hakuna anayeweza kuonyesha kwamba aliwahi kulipwa kwa sura yake.

Mzee, nikiri, alinikatalia pesa. "Mwanangu, mimi nije kula kwa rafiki yangu kisha nilipwe?" Nilimwambia fomu itasema amepewa na akakataa kwa hiari yake, atie saini hapo pia. Akacheka, akatia, kisha akapokea nauli. Kwa mteja kuna jambo moja zaidi la kuangalia. Nilikuwa tayari kumpiga akila. Sikuwa tayari kumwandikia sentensi ya kusifu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na mtu aliyelipwa kusema "sijawahi kuonja biriani kama hii" huku akitazama karatasi yuko karibu sana na mpaka huo. Mwenye kutaka ushuhuda wa mteja amwache aseme yake, au aandike wazi kwamba ni igizo.

Kwa mtoto nilikaa muda mrefu kuliko wote. Saini ilikuwa ya mama yake, lakini mama huyo pia ni mhudumu wa mwajiri yuleyule, kwa hiyo shinikizo nililolieleza kwa mpishi lilikuwa palepale, tena mara mbili. Nilimwomba azungumze kwanza na baba wa mtoto. Kisha nikamwuliza binti mwenyewe, mama yake akisikia, kwa maneno yake: watu wengi usiowajua watakuona ukinywa ukwaju kwenye simu, unataka? Sheria hainidai saini ya mtoto wa miaka 7. Ila mtoto akisema hapana na kamera ikaendelea, sijui tungeyaeleza vipi hayo maslahi ya mtoto ambayo kifungu cha 33 kinayataja.

Halafu kuna kazi yenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Kwa hiyo binti hakupewa maneno ya kukariri wala hakurudishwa nyuma arudie hadi nitosheke. Alikaa na mama yake, akanywa ukwaju kama anavyokunywa siku zote, nami nilikuwa na dakika 20 za kupata sekunde zangu 5. Ilikuwa likizo ya shule. Jina lake halikuandikwa popote kwenye video, wala sare ya shule, wala mtaa. Malipo yake tuliyaandika kuwa ya matumizi ya picha, na mama aliyaweka kwenye akaunti ya benki yenye jina la mtoto. Tangazo linalomtaka mtoto aigize mchana kutwa na hadithi ndefu ni jambo jingine kabisa, na hapo mimi husema tumtafute wakili kwanza.

Shule za chekechea, kwa njia, hudhani kwamba fomu ya kujiunga yenye kisanduku cha "naruhusu picha" inatosha kutengenezea tangazo. Picha ya albamu ya darasa na picha ya kuvutia wazazi wapya ni matumizi mawili. Mzazi aliyekubali la kwanza hajaulizwa la pili.

Tulihitaji pia mgahawa uonekane una watu, na hilo tulilipiga Ijumaa mchana kukiwa kumejaa. Mlangoni tulibandika tangazo kubwa kwamba leo tunapiga video hadi saa nane, na upande wa kushoto, uliotengwa kwa utepe, kamera haifiki. Watu wengi walienda kushoto, na hilo peke yake lilinifundisha kitu. Tangazo la mlangoni linafaa kwa migongo, mikono na umati wa mbali. Halitoshi kwa uso unaojaza kioo. Kipimo changu ni rahisi: kama shangazi yake mtu huyo akiiona video atasema "huyu si fulani?", basi fulani anahitaji karatasi yake. Wawili walioingia hivyo bila karatasi, mhariri aliwafifisha.

Video ilitoka, watu wakaipenda, na mwezi wa nne ikaja simu. Msambazaji wa mafuta ya kupikia anayeuzia mgahawa alikuwa ameiona, akataka zile sekunde za mpishi akimimina mafuta zitumike kwenye televisheni ya hapa Pwani kwa miezi mitatu, na yeye atampunguzia mwenye mgahawa bei ya madebe. Walikwisha kukubaliana kabla sijaambiwa. "Video ni yangu," mwenye mgahawa akaniambia, "si nimeilipia?"

Alikuwa sahihi kwa nusu. Picha zilizorekodiwa zilikuwa mali yake, kwa mkataba kati yangu na yeye. Uso ulio ndani ya picha hizo haukuuzwa pamoja nazo. Mtu anaweza kumiliki kanda na bado asiwe na ruhusa ya kuitumia mahali fulani, na fomu ya mpishi ilitaja kwa maneno yasiyopindika: si televisheni, si kampuni nyingine. Tukamwita mpishi. Akauliza msambazaji anapata nini na mwenye mgahawa anapata nini, akaambiwa, akafikiri siku mbili, akataja 25,000. Msambazaji alilipa bila kubisha sana. Kama fomu ingekuwa ile ya "haki zote, milele," mpishi angejiona kwenye televisheni ya jirani, na mwenye mgahawa angekuwa na madebe ya bei nafuu na shauri.

Mwezi wa saba mpishi aliacha kazi akahamia mgahawa wa Nyali. Mwajiri mpya hakufurahia kumwona mtu wake akiipakulia biriani nyumba nyingine. Mpishi akatuma ujumbe wa WhatsApp wa mistari miwili: naomba sura yangu iondolewe. Mwenye mgahawa alitaka arudishiwe pesa za miezi mitano iliyobaki. Nilimshauri asidai. Mtu anayetozwa kwa kuondoa ridhaa si huru kuiondoa, na shilingi 3,300 na kitu hazikustahili kuupeleka ugomvi huo kwa Kamishna. Yaliyofanyika kabla ya ujumbe yalibaki halali. Sheria haiyarudii nyuma.

Kilichotuokoa ni kwamba siku ya kupiga nilirekodi kila tukio mara mbili: mara moja na uso, mara moja mikono na sufuria tu. Kila mhusika nilimpa picha mbadala. Mhariri alihitaji alasiri moja kutoa sekunde zile 18 na kutia za mikono. Kwa sauti, kwa kuwa nayo ilikuwa yake, tuliweka mlio wa mafuta. Siku ya tisa video ya zamani ilikuwa imeondolewa na mpya imewekwa. Asiyerekodi mbadala huenda akalazimika kuitupa video nzima kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwezi wa 11 simu yangu ilinikumbusha muda unakaribia. Mwenye mgahawa alitaka mwaka wa pili, kwa malipo ya matumizi bila ya muda, maana hakuna aliyesimama tena mbele ya kamera. Mzee alitia saini, na safari hii akapokea 5,000 akasema atazipeleka msikitini. Mama wa binti alituomba siku moja amwulize mtoto.

Binti alikuwa ametimiza miaka 8. Alisema darasani wanamwita Ukwaju, na hapendi. Mama alinipa jibu hilo kwa simu huku akiomba radhi, kana kwamba ametukosea. Katika video inayoonekana sasa, palipokuwa na uso wake pana bilauri peke yake mezani, na mrija ambao bado unatikisika kidogo.